Binti wa Bucha Afunga Mjadala wa Kitanzi

Mwahija Akida alikuwa binti wa mchinjaji, na hilo lilijulikana Ngokolo nzima. Baba yake, Mzee Akida, alitoka Tanga ujanani, akafika Shinyanga na visu vitatu na mkeka, akafungua bucha karibu na soko. Mwahija alikua akipima nyama na kufukuza nzi. Sauti yake ilijifunza kazi pale pale: akiita "Maini yameingia!" wateja waligeuka hata walio upande wa pili wa barabara.

Sauti hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1985 alikuwa kidato cha nne katika shule moja ya sekondari ya mjini, na klabu ya mdahalo iliandaa mjadala mkubwa wa kufunga muhula. Hoja: "Adhabu ya kifo ifutwe nchini." Pande zilipangwa kwa kurusha sarafu. Upande wa Mwahija ukaangukiwa kuunga mkono hoja, na Mwalimu Klara, mlezi wa klabu, akamteua yeye kutoa hotuba ya kufunga.

"Mwalimu, mimi siamini," Mwahija alisema. "Mimi naona anayeua auawe. Nyumbani hata kuku akidonoa mwenzake hadi afe, kesho yake ni kitoweo."

"Sikukuuliza unaamini nini," Mwalimu Klara alijibu. "Nimekuuliza kama unaweza kufunga. Sikiliza. Anayefunga haleti hoja mpya, kwa sababu wenzake wa upande wa pili hawana tena nafasi ya kumjibu. Huo ni wizi. Kazi yako ni kusikiliza mjadala wote, kutafuta mahali pande mbili zilipogongana, na kuonyesha kwamba pale tulipogongana, sisi ndio tuliobaki tumesimama. Na hoja ya mpinzani uichukue ikiwa na nguvu zake zote. Ukiikondesha kwanza ndipo uipige, wasikilizaji wataona."

"Kama kununua ng'ombe," alisema Mwahija. "Usimtazame aliyekonda."

"Sawa. Kama ng'ombe."

Jioni alimweleza baba yake huku wakisugua meza ya bucha kwa majivu, maana sabuni ilikuwa adimu. Mzee Akida alicheka hadi akakaa chini.

"Binti yangu mimi, atetee wauaji! Basi natoa zawadi. Upande utakaoshinda nitaupa mbuzi."

Ahadi ni deni. Jumamosi mchana mbuzi dume mweusi alifungwa nyuma ya bwalo la shule, akatafuna kamba aliyofungiwa, akaanza kulia. Wanafunzi, waliofundishwa kila wiki katika somo la siasa kwamba mabeberu ndio adui wa taifa, walishindwa kujizuia. Kila mbuzi huyo alipolia, mtu alipiga kelele: "Beberu ana hoja!"

Mwenyekiti alikuwa Pantaleo, kiranja mkuu, kijana aliyejali utaratibu kuliko chakula. Mbele yake palikuwa na kengele ya baiskeli ya kupigia dakika zikiisha. Kando yake aliketi katibu, Nyamizi, akiandika kila neno.

Upande wa kupinga uliongozwa na Donatus Maduhu, mrefu kama mlingoti, aliyeweza kutokwa machozi kwa jicho moja tu, lile la upande wa wasikilizaji. Yeye na wenzake walileta mambo mazito. Walisema kitanzi kinatisha. Walisema muuaji akiachwa ataua tena. Walisema mama wa marehemu hawezi kulala akijua aliyemuua mwanawe anakula ugali wa serikali. Na kuhusu makosa, Donatus alisema nchi yetu ina ngazi: kesi ya mauaji husikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu pamoja na wazee wa baraza, kisha kuna Mahakama ya Rufani, kisha hakuna anayenyongwa mpaka Rais aamue kama amsamehe au la. "Kosa lipitie wapi?" aliuliza, na jicho likalowa.

Upande wa Mwahija ulijibu. Walisema muuaji afungwe maisha, na kwamba mwenye hasira au mlevi hahesabu adhabu kabla ya kuua. Walisema sheria haimpi jaji nafasi ya kupima: akimkuta mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja tu, hata kama moyo wake unasita. Walisema katiba, kwa marekebisho ya mwaka uliopita tu, imetaja haki ya kuishi. Walisema mashahidi hukosea. Hoja hii ya makosa alipewa Theonest, mvulana mpole kutoka Runzewe ambaye nyumbani kwao walisema Kisumbwa. Theonest aliitetea vizuri ajabu. Alieleza jinsi shahidi anavyoona usoni mwa mtu kile alichokwisha kusikia kijijini. Watu walitulia. Hata beberu alinyamaza. Kisha Theonest, akitetemeka kwa furaha ya kukaribia mwisho, akanyoosha mkono na kunguruma:

"Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa mapenzi yote ya utu, naomba wauaji wanyongwe!"

Akaketi, akajifuta jasho, akatabasamu.

Bwalo lililipuka. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya mabenchi. Theonest alidhani ni shangwe, akainama kushukuru, mpaka Mwahija alipomvuta shati.

"Umesema wanyongwe."

"Nimesema wasinyongwe."

"'Si' imebaki Runzewe, kaka."

Theonest aliingiza kichwa ndani ya kola kama kobe.

Ikafika zamu ya hotuba za kufunga. Kwa kawaida yao wapinzani walifunga kwanza, na wenye hoja mwisho. Donatus alisimama polepole, kama mtu aliyeletewa pilau. Alirudia mambo yake yote, kisha akasema: "Na sasa tunamkaribisha Ndugu Theonest upande wetu. Katibu ameandika. Wenye hoja wenyewe wameomba wauaji wanyongwe. Mwenyekiti, kesi imekwisha!" Akaketi katikati ya vigelegele.

Mwahija alikuwa amesikiliza kwa makini mjadala wote, akitafuta mahali pa kugongana kama alivyofundishwa. Sasa alisimama, na sauti yake ya bucha ikasimama naye.

"Mwenyekiti, na ninyi nyote. Tumegongana mahali pawili. Kwanza, kitanzi kinazuia nini ambacho gereza halizuii? Pili, tukikosea, inakuwaje? Hayo mengine ni mchuzi.

"Wenzetu wamesema muuaji akiachwa ataua tena. Ni kweli, na inatisha. Lakini nani hapa aliomba aachwe? Tuliomba afungwe maisha. Wamesema kitanzi kinatisha. Sisi tulisema mwenye hasira hahesabu, mlevi hahesabu, na anayehesabu anahesabu kwamba hatakamatwa. Hilo halikujibiwa. Nimengoja. Jicho la Ndugu Donatus limetoa machozi, jibu halikutoka."

Watu walicheka. Donatus alifuta jicho haraka.

"Wamemtaja mama wa marehemu. Hapa sitacheka. Hii ndiyo hoja yao kubwa, na nisingependa kuwa mtu wa kumwambia mama yule anyamaze. Uchungu wake ni haki yake. Lakini tukimnyonga mtu asiye yeye, yule mama amepata nini? Na mama wa pili, wa yule tuliyemnyonga bure, tutamwambia nini? Kwa hiyo mizani yote inaangukia lile swali la pili. Ndugu Donatus ameuliza kosa lipitie wapi. Nami nasema: mmelisikia likipita hapa, mchana kweupe. Katibu ameandika kwamba Theonest ameomba wauaji wanyongwe..."

"Hoja ya utaratibu!" Donatus alikuwa wima. "Analeta hoja mpya! Mfungaji haruhusiwi!"

Pantaleo alipiga kengele, ingawa hakuna aliyejua kwa nini. Akafungua kanuni, akasoma kimya, midomo ikitembea. Nje beberu alilia.

"Beberu aliye nje anyamaze," Pantaleo alisema bila kuinua macho, na bwalo likapoteza adabu kwa muda. Hatimaye akatoa uamuzi: "Hoja ya makosa ililetwa na Theonest mapema, si mpya. Na aliyetaja ulimi wa Theonest katika kufunga ni wewe mwenyewe, Donatus. Mwenye hoja ana haki ya kukujibu. Mfano mpya wa hoja ya zamani unaruhusiwa. Endelea, Mwahija."

"Asante, Mwenyekiti. Nani hapa hajui Theonest alikusudia nini? Ametetea wasinyongwe tangu mwanzo hadi pumzi ya mwisho. Kilichopotea ni silabi moja. Lakini kwenye karatasi imeandikwa wanyongwe. Sasa chukueni shahidi wa kijijini, anasema Kisukuma, mkalimani anageuza Kiswahili, jaji anaandika Kiingereza. Silabi ngapi zinadondoka njiani? Na zile ngazi alizotuhesabia Ndugu Donatus, Rufani hadi Ikulu, zinapandwa na nini? Zinapandwa na karatasi ile ile. Wenzetu wanasema ngazi ni nyingi kwa sababu hakuna kosa. Mimi nasema sheria imejenga ngazi nyingi kwa sababu inaogopa kosa. Na ina haki ya kuogopa."

Alimwonyesha Theonest, ambaye sasa alitokeza macho tu.

"Mtazameni. Yuko hai, anakula kucha. Mkikubali kwamba alikosea ulimi, atasimama aombe radhi, na jambo litakwisha. Mfungwa naye, tukigundua kosa, mlango unafunguliwa. Kitanzi hakina mlango. Wenzetu hawakutuonyesha kinachopatikana kwa kamba kisichopatikana kwa kufuli. Wasipotuonyesha, hatuna sababu ya kuibeba hatari hiyo. Naomba hoja ipite: adhabu ya kifo ifutwe."

Theonest aliruka kabla hajaitwa: "Wa-SI-nyongwe!" akapiga kelele, na kengele ya baiskeli ikalia bila kukoma.

Kura zilipigwa kwa kusimama. Hoja ilipita, kwa tofauti ya kura chache. Mwalimu Klara alimpa Mwahija mkono, akanong'ona kwamba neno "mchuzi" halikuhitajika.

Ndipo Mzee Akida alipoingia na kisu. Wanafunzi waliomwamkia shikamoo walirudi nyuma. Mtu mmoja alipaza sauti: "Si tumeifuta?" Wengine wakadakia: "Ifutwe! Ifutwe!" Kijana mmoja alikimbia nje akajilaza mbele ya beberu, ambaye alimkanyaga.

"Marahaba, wanangu," Mzee Akida alisema kwa subira. "Huyu ameshitakiwa na nani? Hana kesi. Hukumu ni ya mwenye kosa, na huyu ni kitoweo. Anayetaka kumwachilia amchukue sasa hivi, akamlishe na alale naye."

Hakuna aliyejitokeza. Beberu alichinjwa kwa bismillahi, na wapinzani walikaribishwa, kwa kuwa harufu ya nyama haijui pande. Donatus alikula zaidi ya wote waliomshinda.

Wakinawa mikono kwenye pipa, alimgeukia Mwahija. "Niambie kweli. Ulikuwa unaamini yale?"

"Asubuhi, hapana," alisema Mwahija. "Nilipofika kwa mama wa pili, sauti ilinikauka kidogo. Hiyo sikuipanga. Sasa sijui. Nadhani wewe na mimi lazima tubadilishane pande tujaribu tena."

"Nami nitetee kuifuta?"

"Ndiyo. Na ulie kwa macho yote mawili."

Donatus alicheka, akamrushia maji. Mwahija akachukua ndoo ya baba yake, akamfuata mzee barabarani kuelekea Ngokolo, akimweleza kwa sauti ile ile ya bucha kwa nini jaji angepaswa kupewa nafasi ya kuchagua, na wapita njia wakageuka kusikiliza.