Kioo Kilichoshika Kamera

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ulifanyika kwa video, sebuleni kwetu Mbuya. Nilipojiunga, programu ya mkutano iliniambia kamera haipatikani. Sauti ilifika, lakini mahali pa uso wangu palikuwa peusi.

"Tunakusubiri," alisema mwanamke aliyekuwa akinisaili, kwa upole.

Nilikagua ruhusa; kivinjari kilikuwa kimeruhusiwa kutumia kamera. Basi nikaamini draiva, ile programu inayoiendesha kamera, imeharibika, kisha kompyuta yote imekufa, kisha sitaajiriwa maisha yangu yote. Nilikuwa karibu kuifuta draiva.

"We mtoto," mama alinong'ona mlangoni, pasi bado mkononi, "ile kioo yako umefunga?"

Kioo ndilo jina aliloipa programu ya kamera, maana asubuhi nzima nilijitazama humo nikirekebisha kola. Ilikuwa bado wazi nyuma ya dirisha la mkutano, imeishikilia kamera peke yake.

Nikaifunga, nikawasha video upya. Uso wangu ukatokea, umelowa jasho, kola imepinda.

"Sasa tunakuona," alisema yule mwanamke. "Pumua kwanza."

Mama ndiye aliyepumua, kwa sauti hata akasikika, na yule mwanamke akacheka. Nami nikacheka, ndipo nikaweza kujieleza.