Nyota Tatu Begani

Shemeji yangu aliingia kibandani kwangu katikati ya mji asubuhi, vumbi hadi magotini, akiwa ameshika dawa za kaka yangu. Yeye na kaka walikuwa wakikata miti ya makaa porini, nje ya Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia, wanajeshi wakamkamata kaka. Yeye alikimbia. Kaka ana kifafa, na akikosa vidonge vya asubuhi huanguka.

"Ni askari ya wapi?" nikauliza.

"Sijue. Balikuwa banasema Kibemba."

Kibemba hakikunisaidia kitu, kinasemwa pande zote mbili za mpaka. Nikamuuliza aliona nini begani mwa mkubwa wao.

"Nyota tatu."

Wiki ile nilikuwa nimetoka kudarizi galoni, alama za cheo, za kapiteni wetu mmoja, nyota tatu kila bega. Miaka yote hii nashona alama za wanajeshi, na najivunia hilo kupita kiasi. Nikajibu bila kufikiri, "Ni ba kwetu. Twende ku camp."

Tulikaa getini zaidi ya saa mbili. Shemeji alihesabu vidonge, akavirudisha, akavihesabu tena. Mwishowe mlinzi aliyeingia kutuulizia akarudi na kusema hawana mtu kama huyo.

"Mama, ile bendera ku mukono ilikuwa kama hii?" akauliza, akigeuza bega lake: buluu ya mbingu, nyota ya njano, mstari mwekundu wa mshazari.

Shemeji aliitazama. "Hapana. Ilikuwa rangi ya majani. Na ndege ya orange ku kona."

Ndege yule ni tai wa Zambia. Na kapiteni wa Zambia naye huvaa nyota tatu, jambo nililolijua kabla shemeji hajaolewa. Nyota zinasema cheo tu. Nchi huulizwa kwenye bendera ya mkononi na beji ya kofia, na mimi sikuuliza hata kimoja.

Tukapanda taksi kwenda Kipushi. Kila lori tulilolikuta mbele nililitukana kimoyomoyo, ingawa hakuna lililotuchelewesha. Niliogopa watakuwa wameshampeleka Solwezi, mbali ndani ya Zambia.

Hawakuwa wamempeleka. Kwenye kituo cha jeshi upande wa pili wa mpaka, kapiteni mwenye nyota tatu alisikiliza, akavitazama vidonge, akatuongoza nyuma. Kaka alikuwa sakafuni, shati limelowa, damu imekauka mdomoni. Askari walisema ameanguka muda si mrefu uliopita, wakamlaza ubavu. Hawakujua la kufanya zaidi.

Shemeji alimwinua kichwa, akamnywesha vidonge. Kaka alichukua muda kututambua.

"Mulichelewa sana," akasema, ulimi mzito.

Nilifungua mdomo. Shemeji akaniwahi, bila kunitazama.

"Njia ilikuwa mubaya," akamwambia.

Njia siku ile ilikuwa nzuri kabisa. Nikafunga mdomo, na mpaka leo kaka hajui habari za zile saa mbili getini.