Alama ya Mama Mkasi

Watoto wanamwita Mama Mkasi, kwa kuwa muuguzi huyu wa kliniki hukata ncha ya kidonge laini cha vitamini A na kuwakamulia matone mdomoni, kulinda macho na kuongeza kinga. Waliotimiza mwaka huwasagia na dawa ya minyoo. Zote ni kila baada ya miezi sita.

Leo bibi mmoja, mjukuu wake alipokwisha kupewa matone, alienda bombani, akausugua wino wa alama ya waliopata dozi kidoleni mwa mtoto, kisha akarudi foleni bila haya.

“Huyu bado, mwanangu.”

“Amepata, bibi. Dozi ikizidi inadhuru.”

“Alama iko wapi?”

Mama Mkasi akanyoosha kidole gumba chake, chenye alama mbichi za meno ya mjukuu.