Shemeji Kwanza na Mnyororo wa Trekta

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Kwanza. Hajibu swali lolote bila kuanza na neno hilo. Taa ikizimika nyumbani, wakati wewe unatafuta viatu ukamwite fundi, yeye anasema kwanza tuone kama balbu imekaza. Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi balbu huwa imelegea.

Ana pikapu kuukuu ya kubebea mizigo ya watu. Siku ninayoisema alibeba mzigo wa nyumbani: vifaranga wa dada, wa siku moja, ndani ya maboksi yenye matundu. Ndio uliokuwa mtaji wake wote. Kando yao kulikuwa na magunia ya chakula chao, na juu ya vyote turubai. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na sasa jua lilikuwa linawaka kama limetukanwa. Tuliposhuka bondeni, magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope.

"Kanyaga mafuta!" dada akapiga kelele.

Shemeji akazima injini. Akashuka, akainama, akachungulia chini ya gari kama mtu aliyedondosha sindano.

"Kwanza, tairi likizunguka hapo linajichimbia kaburi."

"Vifaranga wanaiva huko nyuma!"

"Ndiyo maana kwanza tunawashusha wao."

Tukawahamishia kivulini. Halafu akataka tushushe magunia. Mimi si mtu wa maneno, nikabeba. Halafu akachukua koleo, akaanza kutoa tope nyuma ya magurudumu, taratibu, kama anapakua chakula cha mgonjwa. Dada alikuwa anapepea maboksi kwa kipande cha kanga huku akimhesabia makosa yote ya ndoa.

Ndipo likatokea trekta. Mwenye trekta alikuwa na mnyororo mnene na mdomo usiochoka.

"Mnachezea tope kama watoto? Nafunga hapa, navuta mara moja, mnakwenda zenu."

"Funga!" dada akasema.

"Mama watoto," shemeji akasema, "kuchimba kukishindikana tunapoteza jasho tu. Mnyororo ukishindikana tunapoteza gari, au mtu. Huo ni wa mwisho."

"Wa mwisho watakuwa vifaranga wangu! Wewe hata siku ya kufa utasema kwanza nikoge!"

Mwenye trekta akacheka mpaka akashika tumbo. Wakati huo alikuwa ameshafunga mnyororo kwenye bampa la mbele. Shemeji akamwonyesha ndoano iliyoshikana na chesisi, uti wa mgongo wa gari. Mwenye trekta akamjibu kuwa bampa ni chuma na chuma ni chuma. Shemeji akapandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Haya! Lakini kwanza wote mtoke hapa! Kule, nyuma ya mti! Na wewe, mama watoto, na maboksi yako yote!"

Dada akasonya, lakini tukayabeba maboksi, tukaenda.

Trekta likarudi nyuma kidogo, mnyororo ukalegea, kisha likaruka mbele kwa nguvu. Mlio wake uliniingia kwenye meno. Pikapu haikusogea. Bampa likang'oka, likapita hewani pamoja na mnyororo, likaanguka pale pale dada alipokuwa amesimama akipepea. Mwenye trekta alinyamaza, na hilo nalo lilikuwa jambo la kushangaza.

Shemeji akaokota koleo lake, akaendelea alipoishia.

Tope lilipopungua akapunguza upepo kwenye magurudumu ya nyuma mpaka yakabonyea, yapate kukanyaga eneo pana. Akatandika matawi na magunia matupu aliyoyatoa nyuma ya kiti kwenye njia tuliyoingilia, kwa sababu kule nyuma ardhi ilishatubeba mara moja. Akaweka gia ya kurudi, akaachia klachi polepole. Mimi nikasukuma kutoka mbele, nimesimama pembeni kama alivyoniambia. Gari likatikisika, likafikiri, likatoka.

Dada akamwangalia. Nilidhani atasema asante.

"Na upepo wa magurudumu ataujaza nani?"

"Kwanza," shemeji akasema, akivuta pampu ya mguu chini ya kiti, "mwenye haraka."

Dada akajaza, akisonya kwa kila mkanyago. Mwenye trekta akasogea, akakohoa, akauliza habari ya kulipwa mafuta yake. Dada hakuacha kukanyaga.

"Kwanza," akasema, "nirudishie bampa langu lilipokuwa."

Shemeji akageuka upande haraka, akajifanya anachungulia maboksi. Vifaranga walikuwa wanapiga kelele wote. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.