Kasemawapi na Msailiwa Namba Tatu

Wifi yangu ana jina lake zuri alilopewa na wazazi wake, lakini ofisini kwetu halitumiki. Tunamwita Kasemawapi. Jina hilo nilimpa mimi, na sijutii, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyasema kutwa kucha. Ukimwambia msailiwa fulani ni hodari, anakutazama juu ya miwani na kuuliza, "Kasema wapi?" Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Kaka yangu akilalamika kwamba mkewe alimwahidi kwenda naye mahali, anaulizwa ahadi ilitolewa siku gani na kwa maneno gani. Maskini kaka yangu hajashinda kesi hata moja tangu aoe.

Kazi yetu wengi hawaijui. Hospitali, shule na viwanda vikitaka kuajiri, jopo lao linawasaili watu, linarekodi, kisha linatuletea sauti. Mimi ni mpiga chapa. Navaa hedifoni, naandika kila neno lililosemwa, na mbele ya kila mstari naonyesha msemaji ni nani, msaili au msailiwa. Majina hayatufikii, tunapata namba tu. Nikimaliza, karatasi zinakwenda kwa Kasemawapi na kwa mwenzake, kijana aliyewahi kufundisha ambaye mpaka leo tunamwita Mwalimu. Kila mmoja anasoma peke yake na mwongozo pembeni. Mwongozo unataja sifa nne na kila sifa ina alama moja hadi nne. Asiyetoa mfano wowote anapata moja. Anayezungumza kwa jumla tu anapata mbili. Aliyesimulia tukio na kusema yeye mwenyewe alifanya nini anapata tatu, na akionyesha na matokeo anapata nne. Kila alama lazima iwe na maneno ya msailiwa mwenyewe kando yake, yamenukuliwa kama yalivyo. Alama isiyo na nukuu kwa Kasemawapi ni porojo, na mwenye porojo anarudishiwa karatasi yake.

Sasa, kulikuwa na hospitali iliyotafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Wasailiwa walikuwa watatu. Namba moja alitoka nje na alikuwa na ulimi wa asali. Namba mbili hakuwa na mengi. Namba tatu alikuwa mama aliyefua pale pale miaka kumi na mmoja, na miwili ya mwisho alikaimu hicho cheo bila kuthibitishwa. Alisema mwenyewe kwenye jibu la kwanza: "Nikikosa safari hii nitarudi kwenye beseni, na atakayekuja nitamfundisha mimi." Nilipoandika mstari ule nilisimamisha sauti nikapenga kamasi. Sisi tunatakiwa tusiwe na upande, lakini mikono yangu ilikuwa na upande.

Alama zikatoka. Namba moja alipata kumi na tatu, namba tatu kumi na nne. Kasemawapi na Mwalimu walikuwa wamelingana, na wote wawili walimpa namba tatu nne kamili kwenye kupanga kazi, kwa nukuu hii: "Uliona mashuka yanachelewa, ukawagawa watu makundi mawili kufuata wodi, na ucheleweshaji ukaisha." Nukuu ilianza na "uliona," na Mwalimu aliichukulia kuwa mama anajisimulia kama watu wanavyojisimulia wakati mwingine. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushangilia kimoyomoyo.

Kesho yake asubuhi Kasemawapi akaja mezani kwangu na karatasi.

"Wifi, huyu mama anasema maneno manne manne. Hapa amesema kama ripoti. Niwekee sauti."

Nikawaka. Nina miaka tisa kwenye kiti kile, nikipiga chapa mpaka vidole vinajua herufi kuliko macho. "Unanipima mimi, wifi? Basi chukua hedifoni na kiti ukae wewe."

"Nitakaa nikishasikia. Weka."

Nikaweka. Kwenye jopo kulikuwa na muuguzi mkuu, mwanamke, mwenye sauti inayofanana na ya namba tatu kama chumvi na chumvi. Yule muuguzi ndiye aliyesema yale maneno. Alimjua yule mama, akamwonea huruma alivyokuwa anababaika, akamsaidia. Namba tatu aliitikia tu, "Mm. Ndiyo." Mimi, kwa kuwa niliipiga chapa Ijumaa jioni nikiwa na haraka ya kuondoka, niliandika mstari wote kama wa msailiwa.

Nilihisi uso unaniungua. Kasemawapi hakunilaumu. Alivua miwani akafuta vioo kwa upindo wa kitenge, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Maneno ya msaili hayahesabiwi," alisema.

"Lakini ameitikia!"

"Hata mimi ukiniuliza kama niliwahi kurusha ndege, nikiwa na woga nitaitikia. Yeye mwenyewe kasema nini?"

Tukatafuta. Kwenye swali lile la kupanga kazi, kilichobaki cha kwake kilikuwa hiki: "Mimi napenda kila mtu ajue pake." Hayo ni maneno ya jumla, hayana tukio. Ni alama mbili. Kumi na nne ikawa kumi na mbili, na namba moja akawa juu.

Hapo nilimsihi. Sifichi, nilimsihi kweli. Nilimwambia Mwalimu naye alitoa nne, kwamba hakuna atakayesikiliza sauti, kwamba muuguzi mkuu hakusema uongo, kazi ile mama aliifanya na wao wenyewe wanajua. Nikamwambia ana roho ya chuma. Nikamwambia na mengine ambayo wifi hupewa ruhusa ya kumwambia wifi mwenziwe.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Namba moja naye ana watoto," alisema. "Nikimbeba huyu kwa maneno ya mtu mwingine, kesho nitambeba nani? Na yule wa kesho atakuwa amemnyima nani?" Akachukua kalamu, akakata ile nne, akaandika mbili. Akajifuta jicho kwa kidole. Nilimwona, ingawa mpaka leo anakataa. Ukimuuliza atasema, kasema nani?

Nilidhani yamekwisha, nikageukia kazi nyingine huku nimenuna. Lakini yeye hakuondoka.

"Kosa likiwa moja linaweza kuwa matano," alisema. "Tunasikiliza upya zote tatu, mwanzo mpaka mwisho. Nawe unasahihisha ninapokuonyesha."

Tulikaa siku nzima, sikio moja lake, sikio moja langu, tukigawana hedifoni kama watoto. Namba moja hakuwa na kosa. Namba mbili alikuwa na mstari mmoja niliouandikia msemaji asiye wake, haukuathiri kitu. Tukafika namba tatu. Tukapita ile sehemu, tukaja mwisho kabisa, mwenyekiti wa jopo akauliza, "Una swali lolote kwetu?" Nikanyoosha mkono nizime.

Hapa lazima niseme ukweli mwingine unaoniaibisha. Mimi nilikuwa na desturi yangu. Mwenyekiti akifika kwenye lile swali, ninaandika "mwisho wa usaili" na kufunga. Watu wengi huuliza likizo na mshahara, nani apoteze muda kuandika? Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hakuna aliyewahi kunikataza.

Kasemawapi alinishika mkono. "Sauti bado inakwenda."

Ikaenda. Kwanza kiti kikalia, halafu yule mama akaanza, na safari hii sauti yake haikubabaika hata kidogo, maana alidhani mtihani umeisha. "Naomba niulize tu, tutamaliza saa ngapi? Juzi mashine kubwa imekufa. Nimewaambia wawili waingie saa kumi na moja alfajiri, waanze na nguo za chumba cha upasuaji, za wodi zifuate. Nimebandika majina ukutani. Jana hakuna upasuaji ulioahirishwa hata mmoja. Lakini leo zamu ya mchana sijampa mtu, nataka nikawahi."

Tulitazamana. Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. Yeye aliniambia, "Nyamaza, andika." Nikaandika, na naapa sijawahi kuandika kwa uangalifu kama ule.

Hata hapo hakumpa alama papo hapo. Kwanza alinitaka niandike mwisho wa namba moja na namba mbili pia, kwa haki. Namba moja aliuliza posho ya nyumba. Namba mbili alisema hana swali. Kisha karatasi mpya akampelekea Mwalimu bila kumwambia lolote, kila mtu akapima upya peke yake. Kasemawapi alitoa nne, Mwalimu akarudi na tatu, na wakitofautiana lazima wakubaliane. Kwa tatu, namba moja na namba tatu wangelingana, kumi na tatu kwa kumi na tatu, na jopo lingechagua lenyewe, na jopo lilikuwa limeshaandika pembeni kwamba namba tatu "hajui kujieleza."

"Tukio lipo, na alichofanya kipo," Mwalimu alisema. "Lakini hayo ameyasema kwenye swali lake, si kwenye swali la kupanga kazi. Na matokeo siyaoni."

Kasemawapi akafungua mwongozo ukurasa wa kwanza, akamsomea: ushahidi unahesabiwa popote ulipo ndani ya usaili. Halafu akaweka kidole kwenye karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza. Alijibu. "Kasema hapa. 'Hakuna upasuaji ulioahirishwa hata mmoja.'"

Mwalimu alisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaandika nne. Kumi na nne.

Ripoti ilikwenda na barua juu yake, ikieleza kwamba nakala ya kwanza ilikuwa na makosa ya aina mbili na aliyeyafanya ni mpiga chapa. Niliisaini mwenyewe. Kasemawapi alikuwa ameiandika kwa adabu, lakini hakuipunguza hata nukta. Nilikasirika kidogo, nikajivunia zaidi. Siku hizi naandika mpaka mlango ufungwe.

Wiki tatu baadaye simu ya ofisi ikalia, nikapokea. Sauti niliitambua kabla hajajitaja.

"Samahani, mimi ni namba tatu. Nimepewa kazi. Wamenipa na karatasi ya alama." Nikasikia anafunua karatasi. "Hapa pameandikwa maneno, yana alama za kunukuu. Haya ni ya nani?"

Nilimpa simu Kasemawapi, maana swali hilo ni lake.

"Ni yako, mama," alisema. "Yote."

Nilisogeza sikio karibu nisikie. Yule mama alikuwa anasoma polepole, neno kwa neno, zile nukuu nne. Alipofika ile ya mashine na saa kumi na moja alfajiri alisimama.

"Hii sikuwa nawajibu," alisema. "Hapa nilikuwa nawaambia tu kazi yangu."

"Ndiyo," Kasemawapi akasema, "ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta." Na machozi yakamtoka mbele yetu sote, mchana kweupe, mimi na Mwalimu tukiwa mashahidi. Hilo sasa hana pa kulikania.