Maswali Kwanza, Habari Baadaye

Nilikuwa napiga. Nianze na hilo, maana wenzangu tuliofundisha miaka ile shule za kata zilipokuwa zikiota kila mahali, wakisimulia huruka hapo na kukimbilia uhaba wa madawati. Nilipiga kwa fimbo mbichi, nilipiga kwa rula ya mbao, na siku nikiwa na haraka nilipiga kwa kitabu cha mahudhurio. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma kwa fimbo kule kijijini Daudi, na nilipopangiwa shule ya sekondari chini ya Mlima Hanang nilikwenda na ujuzi huo.

Kidato cha nne nilichokikuta kilisoma polepole. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya shule tu. Nyumbani walizungumza Kidatoga au Kiiraqw. Ukiwapa ufahamu, habari ya ukurasa mzima yenye maswali chini yake, waliambaa nayo mstari kwa mstari mpaka kengele ikalia na karatasi za majibu bado nyeupe. Niliwacharaza wiki nzima, haikusaidia. Ndipo nikawapa njia: maswali kwanza. Unafunika habari kwa daftari, unasoma maswali yote, unapigia mstari neno linalotafutwa, kisha unafunua na kuwinda.

Njia ilifanya kazi, nisiseme uongo. Habari ya mavuno ya ngano ikiuliza kazi ilianza saa ngapi, macho yalikwenda moja kwa moja kwenye saa. Nani, wapi, lini, ngapi, na maana ya maneno yaliyopigiwa mstari, yote walianza kupata. Alama zilipanda. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya walimu wote, na sifa zikanipanda kichwani.

Kuna vitu niliviona nikavipuuza. Wakiulizwa kichwa cha habari kinachofaa, waliandika jibu la swali la kwanza. Kijana mmoja aliipa habari ya ngano kichwa “Saa kumi na mbili asubuhi”. Nilimchapa mitatu na darasa likacheka. Ufupisho wao ulikuwa vipande vya majibu vilivyobandikwa pamoja. Na swali la “kwa nini” walilijibu kwa sentensi ya kwanza yenye neno lililofanana na la kwenye swali, hata kama aya iliyofuata iliikana. Nikasema ni uvivu wao.

Msichana mmoja tu hakufuata njia yangu. Alitoka upande wa Basotu, kwenye familia ya wafugaji, na alikuwa amepanga chumba karibu na shule. Baba yake aliniambia wazi mwanzoni mwa mwaka kwamba asipofaulu mtihani wa katikati ya mwaka, ule wa ujirani mwema unaotungwa na shule za jirani kwa pamoja, angemrudisha nyumbani. Na yeye alikuwa anasoma habari kwanza, midomo ikitembea, mpaka nukta ya mwisho. Ndipo anageukia maswali.

“Nimesema nini?” nilimuuliza.

“Maswali kwanza, mwalimu.”

“Na wewe unafanya nini?”

“Nyumbani mtu akileta habari, mwalimu, hatumkatizi. Anasema mpaka amalize, ndiyo tunauliza.”

Darasa liliguna. Nilisikia kiburi pale ambapo palikuwa na maelezo tu, na damu ikanichemka. Nilimchapa viganja vyote viwili. Wiki iliyofuata akarudia, nikamchapa miguu. Wiki iliyofuata tena. Kila mara alifuta machozi kwa kiwiko na kuendelea na aya aliyoachia. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba hakupoteza hata mahali alipofika.

Siku kumi kabla ya mtihani nilimkuta daftari limewekwa pembeni, habari iko wazi, kidole chake cha shahada kikitembea chini ya mstari. Sikumwambia asimame. Niliishusha rula kwa ukingo wake mwembamba, kwa nguvu zangu zote, juu ya kile kidole. Ulisikika mlio mdogo, mkavu. Hakulia. Aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika rangi. Kwenye kitabu cha adhabu mkuu wa shule aliandika kosa: ukaidi. Viboko: kimoja.

Hospitali walisema mfupa umevunjika, wakamfunga kidole pamoja na cha jirani yake kwenye kibao. Ulikuwa mkono wa kuandikia.

Baba yake aliingia ofisi ya walimu kesho yake na fimbo yake ndefu ya kuchungia. Nilisimama. “Shikamoo mzee.” Hakuitikia. Alinipiga begani, pigo moja lililonikalisha kitini, akainua tena, na mwalimu wa nidhamu akamrukia kwa nyuma. Walianguka pamoja juu ya meza, chupa ya chai ikapasuka, madaftari yakalowa. Iliwachukua walimu watatu kumshikilia. Hata aliposhikwa, alikuwa akihema na kuniangalia mimi tu.

“Alifanya nini?” aliuliza.

“Hakufuata maelekezo, mzee.”

“Nauliza alifanya nini.”

Bega lilikuwa linawaka moto. “Alisoma habari kabla ya maswali.”

“Alisoma?”

“Ndiyo.”

“Mimi nilimleta hapa afanye nini?”

Mzee alitaka kuondoka na binti yake siku hiyo hiyo. Binti alikataa. Alisimama mlangoni, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa, akamwambia baba yake kwa Kidatoga maneno ambayo mwenzangu mmoja alinitafsiria baadaye: atafanya kwanza mtihani, ndipo wamhukumu.

Alifanya kwa mkono wa kushoto. Siku ile nilisimamia chumba kingine, kwa aibu.

Ufahamu wa mtihani ule ulihusu kijana aliyekutwa porini na ng'ombe. Aya ya kwanza ilisema wanakijiji walimpiga mpaka akazimia kwa kosa la wizi wa ng'ombe, na damu yake ikakaukia kwenye vumbi. Katikati kulikuwa na maneno mengi ya watu. Aya ya mwisho, katika sentensi moja ndefu, mwenye ng'ombe alifika akaeleza kwamba ng'ombe alikuwa amepotea siku mbili, na kijana alikuwa anamrudisha. Swali la kwanza liliuliza: “Kijana alipigwa kwa kosa gani?”

Nilisahihisha mwenyewe. Wizi wa ng'ombe. Wizi wa ng'ombe. Karatasi baada ya karatasi, neno “kosa” limepigiwa mstari kama nilivyowafundisha. Swali lilikuwa limeshawaambia kwamba kosa lipo. Kazi yao ikabaki kuliokota tu, na walipoliokota hawakuwa na sababu ya kufika aya ya mwisho. Nilijaribu kuwakasirikia, nikashindwa. Kila mkwaju niliowapa ulikuwa umewapeleka pale.

Karatasi yake ilikuwa karibu na mwisho wa rundo. Herufi kubwa, zimepinda, nyingine zimeandikwa mara mbili. “Hakuwa na kosa. Walimpiga kabla hawajasikia habari yote.”

Nililia, peke yangu ofisini, mchana kweupe. Alikuwa amefaulu kwa alama za kutosha kubaki.

Nilimwita ili nimpe karatasi yake na kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Aliingia, akanisalimia shikamoo kwa sauti ile ile ya siku zote, akasimama mbele ya meza. Niliinua mkono kuichukua karatasi juu ya kabati. Alifumba macho, akaninyooshea kiganja cha kushoto, kile kizima.