Msingi Mpana wa Wamaza

Alimasi alizaliwa Kasongo, katika ukoo wa Kiislamu wa wauza chumvi na vitambaa, watu wa kupima nguo kwa jicho bila kukosea. Yeye biashara ilimshinda mapema. Akasomea takwimu za afya, akaajiriwa katika ofisi ya zoni ya afya ya Kabambare, na mshahara wake ukawa unakuja ukijisikia. Ukutani mwake hapakuwa na kalenda wala picha ya mtu. Palikuwa na piramidi za umri, moja kwa kila eneo la afya, kazipaka rangi mwenyewe.

Mgeni akiingia, hata aliyekuja kuomba dawa ya kikohozi, lazima asomeshwe. Wanaume wako kushoto, wanawake kulia. Mstari wa chini kabisa ni watoto wasiotimiza miaka mitano, unaofuata ni wa mitano hadi tisa, hivyo hivyo mpaka wazee kule kileleni. Msingi ukiwa mpana, wanazaliwa wengi na watu wanaongezeka. Msingi ukibana na juu kukanenepa, watu wanazeeka. Kisha atachukua walio chini ya miaka kumi na mitano, awajumlishe na wazee wa miaka sitini na mitano kwenda juu, agawanye kwa wale wa katikati wanaofanya kazi, akuambie kila watu mia wenye nguvu wanabeba tegemezi wangapi. Wengine walimkimbia. Mimi simlaumu mtu kwa kupenda kazi yake, ila kupenda nako kuna hatari zake.

Msimu mmoja wa mvua zikaja habari za surua kupanda kutoka kusini. Chanjo iliyokuwa ofisini ilitosha eneo moja tu, na njia ilikuwa matope matupu, pikipiki zenyewe zinasukumwa. Dokta Assumani, mkuu wa zoni, akamwita Alimasi aje na picha mbili: ya eneo la Wamaza na ya lile la mtoni. Mojawapo ingepata chanjo. Nyingine ingengoja shehena ya pili, na kila mtu pale alijua shehena ya pili maana yake nini.

"Soma, tusikie," alisema Dokta.

Alimasi alitandaza michoro mezani. "Huku mutoni, mustari wa chini iko mufupi kuliko ule wa juu yake. Na wamama wa kuzaa wako wengi. Sasa watoto wanaenda wapi? Ao wanakufa, ao hawazaliwe. Ya Wamaza iko na musingi mupana sana. Kwa kila watu mia wa kazi, tegemezi wako mia moja na munane. Ni muzigo, lakini ni watoto, Dokta. Wanaongezeka."

"Kama Wamaza iko na watoto wengi, si ndiko chanjo ingeenda?"

"Wako wengi sababu wanaishi."

Dokta akamtazama usoni. "Alimasi, dada yako iko Wamaza. Kama uko na neno ingine, sema sasa."

Feza, mdogo wake wa mwisho, alikuwa ameolewa Wamaza na alikuwa na watoto wadogo. Alimasi aliwafikiria, na moyo ukamwuma, na kwa sababu ulimwuma aliogopa kuonekana anapendelea damu yake. Akajikaza. "Picha haina dada, Dokta," alisema.

Wachanjaji wakaenda mtoni.

Haukupita muda mrefu, mwendesha pikipiki mmoja akafika ofisini, tope mpaka magotini, akasema Wamaza wanazika watoto. Alimasi akaomba ruhusa akaondoka naye. Njia nzima alijifariji kwamba hata kwenye watoto wengi surua huua, kwamba msingi ule mpana ungebaki mpana. Alipoingia Wamaza jambo la kwanza lililomshtua ni utulivu. Hakuna aliyekimbilia pikipiki. Katika vijiji vyetu pikipiki haipiti bila kundi la watoto kuifuata, na ile ilipita peke yake.

Aliyehesabu watu wa Wamaza alikuwa mama mmoja wa kujitolea, Mama Subira, mwaminifu, asiyeruka nyumba hata ya adui yake. Alimasi akazunguka naye mlango kwa mlango, na kila mlango hesabu ikakataa. Palipoandikwa watoto watano alikuta watatu. Penye wanne, mmoja.

"Hawa ndio surua imechukua?" aliuliza.

"Wengine. Wengine walikufa zamani, wakati wa vita, ao homa," alisema Mama Subira bila wasiwasi.

"Mama, na uliwaandika?"

"Niliuliza, watoto yako wangapi, na miaka yao. Mama akanipa majina. Huku kwetu mutoto akikufa hatumutoe kwa hesabu ya mama yake. Kumuacha ni kama kumutupa. Wewe ungemuambia nini?"

"Na miaka? Uliandika miaka gani?"

"Ile alikuwa nayo. Alikufa na miaka mbili, ni miaka mbili. Maiti inakomaa?"

Alimasi alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu. Aliona sasa. Walio hai hupanda, kila mwaka wakikaribia mstari wa juu. Wale wengine hawakupanda. Wote waliozikwa wakiwa wadogo tangu vita walikuwa wamekusanyika kwenye mstari wa chini, na kila msiba uliurefusha. Kadiri Wamaza ilivyozika, ndivyo ilivyoonekana kuzaa. Na dalili alikuwa nayo ukutani siku zote: kutoka mstari ule hadi wa pili palikuwa na ngazi kubwa mno, mia mbili na thelathini chini, mia moja na arobaini juu, katika kila watu elfu. Hakuna uzazi unaoruka hivyo ghafla. Ngazi ile ilipaswa kumtisha. Yeye aliipaka rangi ya kijani.

Alichora upya palepale, juu ya goti, walio hai tu. Mstari wa chini ukakatika ukawa mfupi kuliko wa pili, mfupi kuliko hata ule wa mtoni. Akagawanya tena: tegemezi themanini na watatu kwa kila mia. Mtu wa mbali akiiona namba hiyo atasema mzigo umepungua, Wamaza wanaendelea vizuri. Baadaye watoto hao wachache watakapokuwa watu wazima, watazaa wachache na kubeba wazee peke yao. Alimasi alitamani kuitafuna karatasi.

Nyumba ya Feza aliiacha ya mwisho. Dada yake alikuwa amekaa ukumbini, khanga kichwani, na hakuinuka kumpokea. Mama Subira alimpa pole akabaki nje. Mtoto mmoja wa kiume alichungulia kutoka chumbani, akarudi ndani.

Alimasi alijua kwamba swali sharti libadilishwe, na liulizwe kila nyumba sawasawa, hata hii.

"Feza, watoto yako wenye kuwa wazima ni wangapi?"

Feza aliitazama kalamu mkononi mwa Alimasi.

"Yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa, "wakati walichagua nani apate chanjo, ulisema huku iko watoto wengi. Muchanjaji mwenyewe alituma habari. Nilifurahi. Nilisema yaya yangu anatujua."

Alimasi alishika kalamu akangoja, kwa kuwa hakujua kufanya kitu kingine.

"Andika mumoja," alisema Feza.